Saa ya Matone ya Mzee

Fundi wa kushona tunayemzungumzia aliitwa Pini na mtaa mzima, na msidhani ni kwa sababu ya kazi yake tu. Mwanamke huyo alikuwa na ulimi, na alikuwa na kumbukumbu. Mteja aliyemwambia mwaka juzi kwamba mshono wake umepinda, mpaka leo nguo zake huwa za mwisho kukamilika. Alikuwa hasahau, na kusamehe hakujifunza kokote.

Aliishi nyumbani kwao na baba yake, mzee mwenye presha ya macho, pamoja na kaka yake na mke wa kaka yake. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, na chumba cha mzee kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Mzee alitakiwa kutiwa tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Mwenyewe hakuweza kujitia. Mikono ilimtetemeka na tone likaishia shavuni.

Siku waliyopima presha ya macho ikakutwa iko juu mno, daktari aliuliza kama dawa inatiwa sawasawa, na wote wakatazamana. Jioni ile kaka yake akawaita shangazi wawili sebuleni, akasimama katikati kama msemaji wa ukoo.

"Sisi tunatoka kwenda kutafuta," alisema. "Wewe ndiye unayeshinda hapa. Tuseme ukweli, Mzee anapofuka mikononi mwako."

Shangazi mmoja akaguna. Wifi yake, ambaye ni msusi saluni, alitazama kucha zake na kusema polepole, "Kusahau matone mawili tu jamani, na mtu uko nyumbani kutwa."

Pini akainuka, akarudi kwenye cherehani yake. Wanaomjua wanajua kwamba Pini akinyamaza ndipo mtu anapotakiwa kuanza kuogopa. Usiku ule alikula yamini kwamba atawavua nguo wale wawili mbele ya shangazi haohao, kwenye makochi hayohayo.

Kesho yake alikwenda kwa nesi wa kliniki ya macho, mwanamke mfupi mwenye subira, akamwambia anataka ushahidi. Nesi akasikia anataka utaratibu.

"Tega kengele kwenye simu, saa zilezile kila siku, na zipishane masaa kumi na mawili," nesi alimwelekeza. "Simu ikae chumbani kwa Mzee. Halafu chora karatasi ya siku thelathini, asubuhi na jioni. Tiki unaweka tone likishaingia jichoni, usiweke kwa sababu kengele imelia. Likikosekana, andika kwa nini. Mwezi ukiisha unahesabu, umetimiza ngapi kati ya ngapi, kila saa kivyake. Saa inayoshindwa unaihamisha, unajaribu tena mwezi mwingine."

"Nahesabu kila saa kivyake," Pini alirudia, na roho yake ikafurahi.

"Lakini ukiona mapema kwamba kuna saa haifanyi kazi kabisa, usingoje mwezi. Njoo tuongee. Tunapima kengele, dada. Macho ya mzazi wako hatuyafanyii majaribio."

Hilo la mwisho lilipita sikio moja likatokea la pili.

Nyumbani aligawa zamu kwa upole uliowashangaza wote. Asubuhi ni yake, saa moja. Jioni ni ya kaka na mkewe, saa moja vilevile. Kaka akakubali haraka, kisha kama kawaida yake akamsukumia mkewe. Karatasi ikakaa kwenye droo ya cherehani, ati isichafuke.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumapili. Saluni imefungwa, wifi yupo, tone likaingia, tiki. Jumatatu vilevile. Jumanne saa moja jioni kengele ikalia chumbani kwa mzee, ikalia, ikalia. Wifi alikuwa bado kichwani kwa mteja, kwani saluni hufungwa saa moja na nusu na nyumbani anafika saa mbili. Kaka ndiyo kabisa, yeye kurudi kwake ni saa tatu. Mzee akapapasa, akaizima. Pini, hatua sita kutoka mlangoni, alinyanyua mguu kwenye pedali, akasikiliza ukimya, kisha akaendelea kushona.

Hakwenda. Angekwenda, jioni ile ingepata tiki ya bure, na wale wawili wangesitirika kwa jasho lake. Kwenye safu ya sababu aliandika neno moja, "Hakuwepo."

Saa mbili wifi aliingia na miguu imemvimba kwa kusimama, akaelekea jikoni moja kwa moja. Alipokuwa anakatakata vitunguu ndipo akakumbuka.

"Wifi, ile simu imelia?"

"Imelia," Pini alijibu.

Wifi akashusha pumzi, akaendelea na vitunguu vyake. Alijua kwamba mtu mzima akiwa hatua sita na kengele inalia, hawezi kukaa tu. Hata mimi ningejua hivyo. Pini alijua kwamba wifi anajua hivyo, na hakuongeza hata herufi. Alisema kweli, na ile kweli aliifanya sumu, jioni ile na za kazi zilizofuata.

Kufikia siku ya kumi, kitu kilikuwa wazi kama ungekuwa na macho ya kukiona. Jioni zilizojaa zilikuwa za Jumapili na Jumatatu, basi. Pini alikiona, tena vizuri. Alijua kwamba kuisogeza kengele mbele kwa saa moja na nusu tu kungemaliza kazi. Alifungua simu siku moja, akaitazama ile saa, akaiacha ilivyo. Bado siku ishirini, alijisemea, na kila pengo aliloliona kwenye karatasi lilimshibisha kuliko chakula.

Mwezi ukaisha. Alihesabu mara mbili, kwa haki, hata lile kosa lake moja la asubuhi ambayo wateja walimvamia mlangoni. Asubuhi, ishirini na tisa kati ya thelathini. Jioni, kumi na moja. Zile kumi za siku za mapumziko, na moja ya siku umeme ulipokatika saluni ikafungwa mapema.

Akawaita shangazi. Alivaa gauni lake la kitenge ambalo hulivaa kwenye harusi tu. Akasimama palepale alipokuwa amesimama kaka yake.

"Niliambiwa hapa kwamba Mzee anapofuka mikononi mwangu," alianza. "Basi mikono yangu hii hapa. Asubuhi ishirini na tisa juu ya thelathini. Hiyo ni asilimia tisini na saba, kwa wale waliokimbia hesabu. Na hii ya jioni, ya watafutaji, kumi na moja. Asilimia thelathini na saba! Sasa shangazi zangu, semeni nyie, ni mikono ya nani?"

Shangazi aliyeguna mwezi uliopita akaguna tena, safari hii akimtazama kaka. Wifi aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, machozi yakamdondoka.

"Lakini wifi, mimi nilikuuliza. Ulisema imelia."

"Na ililia," Pini alisema.

Ah, alisuuzika! Nisiwadanganye, alilala usingizi mtamu ambao hakuwa ameulala mwezi mzima.

Wiki hiyo walikwenda kliniki wanne, Pini mbele na karatasi yake kama cheti. Mzee akapimwa. Presha ilikuwa imepanda kuliko mara ya kwanza. Nesi aliichukua karatasi, akapitisha kalamu kwenye safu ya jioni, na uso ukambadilika.

"Jumapili, Jumatatu. Jumapili, Jumatatu," alisoma. "Huyu mtu hajasahau. Mzee anatiwa vizuri kila siku ambayo mtu yupo. Mama, unafika nyumbani saa ngapi?"

"Saa mbili," wifi alisema.

"Basi shida ni saa. Kengele inaita mtu ambaye hayupo. Tutahamisha zote mbili, saa mbili na nusu asubuhi na saa mbili na nusu usiku, ili masaa kumi na mawili yabaki. Kitu kingine chochote msibadilishe, tujue ni saa iliyosaidia. Mwezi ukiisha mhesabu tena." Kisha akageuka kwa Pini. "Hili lilionekana tangu wiki ya pili, dada. Nilikwambia usingoje. Mishipa ya jicho ikishakufa hairudi. Alichopoteza, kama amepoteza, tutakijua kwenye kipimo kikubwa, na hakuna dawa ya kukirudisha."

Kaka akapata nguvu. "Kwani saa moja jioni nyumbani huwa kuna nani?"

Pini alikuwa na majibu matatu tayari mdomoni, yote makali. Lakini aliyejibu ni mzee, kutoka kwenye kiti chake, kidevu kimeinuliwa kidogo kama wafanyavyo watu wanaoona kidogo.

"Mwache dada yako," alisema. "Saa moja jioni nyumbani nipo mimi. Kengele ikilia nasikia cherehani inasimama. Nasema moyoni, leo anakuja. Halafu nasikia inaendelea."

Nesi alishughulika na mafaili. Hakuna aliyemtazama Pini, na hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa.

"Baba, kwa nini hukuniita?" Pini aliuliza.

"Nilikuita mara ngapi maisha yangu yote, ukaja?" mzee alisema bila hasira. "Ulikuja kila mara. Nikataka kujua kama utakuja bila kuitwa."

Njiani kurudi Pini alijaribu kuwachukia wale wawili. Alitafuta ile chuki yake ya mwezi mzima, akaikuta bado ipo, ila haikuwa na wa kumwangukia isipokuwa yeye mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili na nusu, kengele ililia. Pini alikuwa ameshanawa mikono, amesimama mlangoni kwa mzee kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Wifi alikuwa chumbani tayari, chupa mkononi, maana saluni hufunguliwa saa nne. Mzee alikuwa amelaza kichwa nyuma kwenye mto.

"Asubuhi pia atanitia mkamwana," mzee alisema, akigeuzia uso mlango ambao hakuuona vizuri. "Wewe una kazi nyingi, mwanangu. Kashone."

Mwisho wa mwezi wa pili wifi alihesabu mwenyewe, akaibandika karatasi ukutani sebuleni bila kumwita shangazi yeyote. Asubuhi thelathini kati ya thelathini. Jioni ishirini na nane. Pini aliisoma akiwa peke yake, akatafuta mwandiko wake kwenye zile tiki zote hamsini na nane, na hakuuona hata kwenye moja.