Kiwanja cha Marehemu Masunga

Madereva wa malori wanaopita Mikumi walimfahamu Marciana kabla hawajamwona. Ukipata pancha kwenye mbuga, utingo wako angekwambia, "Vumilia mpaka kwa Mama Jackline." Alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, na aliweza kulifungua tairi la semitrela kwa mtarimbo na nyundo huku wanaume wawili wakisimama pembeni na mikono kiunoni.

Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, Masunga. Walikuja pamoja kutoka Shinyanga, wakanunua kiwanja kando ya barabara kuu kwa mzee mmoja mwenyeji, wakapiga kibanda cha mabati na kuanza kuziba pancha. Ushahidi wa manunuzi ulikuwa karatasi ya mauziano yenye jina la Masunga, saini za mashahidi na mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuwauliza zaidi ya hapo. Masunga alipofariki kwa ugonjwa wa figo, Marciana alimaliza matanga, akarudi kibandani, akawasha kompresa.

Mambo yalianza siku aliyokuja Danieli, msimamizi wa magari wa kampuni moja ya usafirishaji. Aliegesha pikapu, akamtazama Marciana akimaliza kazi, kisha akasema:

"Mama, madereva wangu wote wanakutaja wewe. Tunatafuta kituo kimoja hapa Mikumi, magari yetu yote yawe yanahudumiwa hapo kwa mkataba. Lakini sitaki nyundo. Rimu zinapinda. Nataka mashine ya kufungulia tairi, banda lenye sakafu ya zege, na tairi mpya ziwepo muda wote."

"Nipe muda nijipange," Marciana alisema.

"Nakupa miezi sita. Zaidi ya hapo wakubwa zangu hawatanielewa."

Juma lililofuata Marciana alivaa gauni lake la kanisani, akaenda benki. Afisa mikopo alikuwa binti aitwaye Aneth.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukopa ninunue mashine."

Aneth alimsikiliza vizuri. Aliuliza juu ya wateja, mapato na mkataba ule wa Danieli, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaichukua karatasi ya mauziano, akaisoma mbele na nyuma.

"Mama, biashara yako haina shida. Una hati miliki?"

"Si hiyo uliyoshika?"

"Hii inaonyesha kwamba mlinunua. Lakini kiwanja chenyewe hakijasajiliwa. Kingekuwa na hati, tungefanya upekuzi kwa msajili, tukaona mmiliki wake ni nani na kama kuna mwingine anayekidai. Mthamini angekuja, halafu tungesajili rehani. Hapo ningekupa mkopo mkubwa, urejeshe polepole kwa miaka kadhaa. Kwa karatasi hii, mtu akija kesho akasema kiwanja ni chake, benki inashika nini?"

"Nimekaa pale miaka ishirini. Mikumi nzima inajua."

"Najua mama. Ila benki haiwezi kuiweka Mikumi nzima rehani."

Marciana alicheka bila kupenda. Alichoweza kupata ni mkopo mdogo wa vikundi, wa kurejesha kila wiki kwa riba kubwa, dhamana ikiwa ni makochi na friji. Aliwahi kuuchukua zamani. Ulitosha kununua gundi na viraka. Mashine inayochukua miaka kurudisha gharama yake huwezi kuilipia kwa wiki kadhaa.

Bahati ilikuwa kwamba mtaa wao ulishaingia kwenye urasimishaji, ule mpango wa kupima viwanja na kuwapa wenyewe hati. Wapimaji walikuwa wamepita na mawe ya mipaka yalikwishachimbiwa. Alipokwenda ofisi ya ardhi aliambiwa ramani imekubaliwa na anaweza kuomba hati. Shida ilikuwa jina.

"Mwenye kiwanja ni marehemu," karani alimweleza. "Hatuwezi kumpa hati marehemu, na wewe hatuwezi kukupa mpaka mahakama ithibitishe msimamizi wa mirathi. Lete muhtasari wa kikao cha ukoo, uanzie Mahakama ya Mwanzo."

Wanawe wawili waliokuwa watu wazima, Jackline na Jovin, walimpendekeza mama yao kuwa msimamizi bila mjadala. Aliyekataa kusaini alikuwa shemeji yake, Ndaki, aliyekuwa akiishi Ruhembe akilima miwa. Marciana alimfuata hadi shambani.

"Shemeji, kile ni kiwanja cha kaka yangu," Ndaki alisema huku akinoa panga. "Ukikiweka benki, ukishindwa kulipa, ukoo unabaki na nini?"

"Ukoo ulikuwa wapi tukichimba ule msingi? Mimi nilikuwa na mimba ya Jovin na nilibeba mawe."

"Sikatai. Ila saini yangu huipati."

Marciana alifungua shauri hivyo hivyo. Tangazo likabandikwa, na kabla muda wa pingamizi haujaisha Ndaki akawasilisha la kwake. Shauri lilipangwa, Ndaki hakutokea. Likapangwa tena, akaleta udhuru wa kuumwa. Kila mara Marciana alifunga kibanda, akakaa kwenye benchi la mahakama na mkoba mapajani, akarudi nyumbani bila kitu. Jioni moja alimwambia Jackline, "Malori yanapita na hela yangu, mimi nimekaa namsubiri baba yako mdogo apone."

Miezi sita ikaisha. Danieli alikuja mwenyewe, jambo ambalo Marciana alimheshimu kwalo.

"Mama, nimeshindwa kuwazuia wakubwa zangu. Mkataba wa miaka mitatu tumempa Rafaeli."

Rafaeli alikuwa ng'ambo ya barabara. Alifika Mikumi juzijuzi tu, na kuhusu tairi alijua machache. Lakini kiwanja chake alikinunua kikiwa tayari kimepimwa na kina hati. Benki ile ile ilimpa mkopo ndani ya muda mfupi. Zege lilimwagwa, mashine ikashushwa kwa winchi, na Marciana akiwa ameinama na nyundo aliyaona yote.

Wateja wakapungua. Baadaye Rafaeli alivuka barabara, akasimama kwa adabu.

"Mama, vijana wangu wanaharibu kazi. Njoo unisimamie mafundi."

Marciana hakulala vizuri usiku ule. Kesho yake alikwenda. Alifanya kazi kwa Rafaeli, akiiendesha mashine aliyotakiwa kuwa nayo mwenyewe, kwa ajili ya magari yaliyotakiwa kuja kwake. Madereva walimsalimia kwa furaha, naye akaitikia. Wengine walidhani karakana ni yake.

Hatimaye hakimu alimtaka Ndaki aonyeshe alichochangia kwenye kiwanja. Hakuwa na kitu. Pingamizi likatupwa, Marciana akateuliwa msimamizi, na watoto wakaridhia kiwanja kihamie kwa jina lake. Hapo tena ramani ikarudishwa kwa wapimaji kwa sababu iligundulika mpaka wake na wa jirani ulipishana. Hati ilipotoka Morogoro, Jovin alitaka wapige picha. Mama yake alimwambia aache upuuzi.

Alirudi kwa Aneth. Upekuzi ulionyesha jina lake na hakuna deni wala pingamizi. Mthamini alikuja, kiapo kwamba hana mume wa kuombwa ridhaa kikasainiwa, rehani ikasajiliwa, na pesa zikaingia. Haikuhitaji maelezo mapya. Biashara ilikuwa ile ile na mwombaji ni yule yule.

"Hongera mama," Aneth alisema.

"Asante. Ungenipa wakati ule, leo ningekuwa namalizia kulipa."

Aneth aliinamia karatasi zake.

Sasa Marciana ana banda la zege na mashine yake. Mkataba wa Danieli na Rafaeli bado una zaidi ya mwaka, kwa hiyo anahudumia mabasi na malori ya watu binafsi, na rejesho la benki huwa anahangaika kulitimiza. Ndaki alikuja kumpongeza wakati wa Pasaka. Marciana alimkaribisha chai, akaenda kumfungia mteja tairi, na hakurudi mpaka shemeji yake alipoaga.