Jumapili Saa Kumi, kwa Namba Yangu

Golikipa wetu ni askari magereza, na mlango alijua kuufunga. Alinisukuma ndani ya stoo ya uwanja, kwenye nyavu na magunia ya chokaa ya kuchorea mistari, akapiga komeo kwa nje.

"Mzee, leo nimekufunga bila hati," alisema. Wenzake wakacheka. Halafu wakasogea mlangoni, wakaanza maswali.

"Katibu, timu ya Jinja walikupa nini ukawauzia mechi?"

"Sema tu, tutakufungulia."

Stoo ile ilikuwa na kidirisha kimoja chenye nondo. Kupitia hapo nilimwona kocha wetu amesimama nyuma ya vijana, mikono mgongoni kama yuko gwarideni. Yeye ni mwanajeshi mstaafu, na Mbale nzima tulimwita Afande. Nilimwita. Nikasema, Afande, waambie. Akamgeukia golikipa, akauliza kwa upole kabisa:

"Ujumbe ulitoka kwa namba ya nani?"

Golikipa akainua simu, wote wakaiona. Namba ilikuwa yangu.

Mimi ni fundi viatu. Shule niliiacha darasa la sita. Kwenye klabu niliingia kwa sindano: nilishona viatu vyao vya mpira bure, na kwa kuwa binti yangu alikuwa amenipa simu nzuri, wakanifanya katibu. Kazi yangu ilikuwa kupanga pande tatu ambazo hazikutaka kupangwa. Wachezaji, wengine askari wa zamu, wengine wa dukani, wengine wa shamba kule Busiu. Haji, mwenye uwanja wa Nkoma tuliokodi, mazoezi Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, mechi Jumamosi. Na Afande.

Afande hakuandika kitu maisha yake yote. Hata sauti hakurekodi. Anakupigia simu, anasema, anakata. Kisha mimi naandika kwenye grupu la wachezaji, na wao wanajibu mmoja mmoja kwamba wameona. Miaka mitatu tulienda hivyo, na hakuna aliyeona ubaya wake, mimi wa kwanza. Kila amri ilikuwa ya mdomo wake, na kila ushahidi ulikuwa wa kidole changu.

Msimu ule tulikuwa tayari tumekosa mechi moja, pale gari letu lilipofia njiani. Sheria ya ligi yetu ilikuwa wazi: ukikosa ya pili, unatolewa. Kila mtu aliijua, hata mama wa chai getini.

Jumatatu ya wiki hiyo Haji alipita kibandani kwangu. "Katibu, Jumamosi uwanja nimeukodisha kwa harusi. Mahema yanakuja. Utanisamehe."

Jumanne mazoezini nikamwambia Afande. Nilikuwa nimeshaongea na mwalimu mkuu wa shule moja Busiu, uwanja wao ulikuwa wazi.

"Ule uwanja una mteremko kama paa," akasema. "Tutasogeza mechi Jumapili. Ligi nitaongea nao mimi."

Nikamkumbusha kwamba kusogeza mechi ni barua. Ligi inatia saini, nakala inakwenda kwa timu ngeni na kwa refa, tena mapema. Akaniangalia viatu, si usoni.

Alhamisi baada ya mazoezi simu ikalia. "Andika. Mechi Jumapili, saa kumi."

"Barua, Afande?"

"Iko njiani. Wewe fundi viatu unataka kunifundisha kazi?"

Nikaandika. Hilo ndilo kosa langu, na silifichi. Niliandika bila barua kwa sababu niliogopa sauti. Wakajibu wote kwamba wameona. Golikipa akaomba abadilishiwe zamu: afanye kazi Jumamosi ili Jumapili awe huru. Aliacha mapumziko yake kwa ajili ya maneno yangu manne.

Jumamosi saa tisa na nusu nilikuwa nagonga kisigino cha kiatu cha mwalimu, simu ikaita. Refa.

"Katibu, timu yako iko wapi? Wageni wamevaa tayari."

Nilifika Nkoma kwa boda, nyundo bado mkononi. Hakukuwa na hema hata moja. Mistari ilikuwa imechorwa, nyavu zimefungwa. Vijana wa Jinja walikuwa wanapasha misuli. Nikampigia Afande, simu imezimwa. Nikapiga tena, na tena. Nikawapigia wachezaji mmoja mmoja. Golikipa alikuwa ndani ya gereza, na simu zao huachwa getini.

Nilikusanya sita. Sheria inataka saba ndipo mpira uanze. Nikasimama na leseni zao mkononi kama karata, nikamwomba refa anihesabu mimi.

"Mzee," akasema, "una leseni?"

Alitoa dakika thelathini. Alikuwa akiangalia saa, mimi nikiangalia barabara. Alipopuliza filimbi, wageni hata hawakushangilia. Walipewa pointi za mezani, wakapanda gari lao. Kijana wa saba aliingia getini na boda kutoka Busiu wakati refa anafunga begi, ana matope ya shamba magotini. Akaniuliza, "Mzee, si umesema kesho?"

Kesho yake wakaitwa wote kikao. Ndipo nikafungiwa.

Nilikaa humo mpaka adhana ya magharibi. Chokaa ilinikaa kooni, mpaka leo nikicheka nakohoa. Aliyekuja kufungua ni Haji. Hakuufungua mlango mara moja. Kwanza alisogea kidirishani.

"Harusi ilihamia nyumbani kwa bibi harusi," akasema polepole. "Ijumaa, tukitoka msikitini, nilimpigia Afande. Nikamwambia uwanja uko wazi, nachora mistari. Akasema sawa."

"Haji, kwa nini hukusema mbele yao? Ulikuwa umesimama pale."

"Katibu, mimi na watu wa jeshi sitaki maneno. Wewe mwenyewe unakumbuka zamani ilivyokuwa, wanajeshi walipokuwa wakichukua watu usiku."

Nakumbuka. Lakini aliyekuwa ndani ya stoo ni mimi, si yeye.

Klabu ikatolewa kwenye ligi. Barua ya kusogeza mechi haikuwepo. Ligi walisema hawakuwahi kuombwa. Viatu vikaacha kuja kibandani. Mtu hamwachii kiatu chake mtu aliyeuza mechi. Nikahamia Jinja, mtaani Nalufenya, mji uleule walionisingizia kwamba ulinilipa. Jina lilinitangulia hata huku.

Na huku ndiko nilikojua ukweli. Mlinzi wa shule moja aliniletea soli ya kubandika, tukaongea mpira. Akasema shule yao iliwahi kumleta kocha kutoka Mbale, mwanajeshi, anasimama mikono mgongoni. Alikuja Jumamosi mojamoja tu. Nikamtajia tarehe ya ile Jumamosi yetu, nikauliza kama kocha huyo alikuwepo. Akasema alikuwepo, na alikumbuka kwa sababu siku hiyo shule yao ilicheza fainali.

Kwa hiyo mechi yetu ilisogezwa ili wewe, Afande, uwe Jinja. Haji alipokuambia uwanja uko wazi, hukutuambia, maana ungetuambia, ungelazimika kuja.

Haji naye atajibu kwa Mungu wake kwa kunyamaza. Golikipa nimemsamehe nusu, alidanganywa kama mimi. Wewe sikusamehe. Nataka uwaite wale vijana, na yule wa matope magotini awepo, uwaambie nani alisema Jumapili. Usinipigie simu. Sitapokea. Chukua kalamu, mara hii moja andika kwa mkono wako mwenyewe, utie saini, na ubandike kwenye mlango wa ile stoo.