Wawili kwa Kila Chumba

Kle. Komeo la mlango, limefungwa taratibu na mtu asiyetaka hasira zake zionekane. Tangu jana mlio huo ulikuwa umemganda Mama Elektroni masikioni.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha fizikia kwa mfano uleule: kipande cha shaba ni bweni. Elektroni huru hujaza vyumba vya chini kwanza, wawili kwa kila chumba, mizunguko yao ikipingana; wa tatu hapokelewi. Waliobaki hupanda ngazi. Nishati ya yule wa juu kabisa, hata baridi ikiwa ya mwisho wa baridi zote, ndiyo nishati ya Fermi.

"Na nyota kibete nyeupe?" huuliza. "Tanuri lake limezimika, uzito wake unaibana. Mbona haiporomoki?"

"Vyumba vya chini vimejaa!" darasa hujibu.

"Ukizidi kuibana?"

"Vyumba vyote vinapanda!"

Jana binti mmoja wa mwaka wa tatu alikuja na karatasi yake ya mtihani.

"Shikamoo, Mwalimu. Swali la nne, la shaba. Nishati ya Fermi nimepata elektronivolti saba, mwongozo wa majibu unasema kumi na moja."

"Marahaba. Mwongozo nimeutunga mimi, mwanangu. Rudia hesabu."

"Nimerudia mara sita."

"Basi rudia ya saba."

Mwalimu alicheka peke yake. Binti akachukua karatasi yake, akatoka. Kle.

Binti alipungukiwa alama nne za kufaulu. Leo saa nane kikao cha idara kingemwondoa chuoni.

Saa sita fundi wa maabara alimkuta mezani, penseli mkononi.

"Mama, chai yako imepoa kama ile nyota yako."

"Iache hapo, baba."

Saba. Akafuta, akaanza upya. Saba. Akauvuta mwongozo, akateremka nao mstari kwa mstari, hadi kidole kikasimama. Mwandiko wake mwenyewe, na elektroni mmoja mmoja kwa kila chumba. Bweni limerefuka bure, saba ikawa kumi na moja. Na shinikizo la nyota, sehemu ya pili ya swali, lilijengwa juu ya msingi huohuo uliopinda.

Swali hilo alilitoa mwaka juzi pia. Nani mwingine alifunga mlango taratibu?

Kikaoni alikaa mwisho wa meza, mwongozo umelowa jasho kiganjani. Mkuu wa idara alikuwa akisoma majina upesi upesi kama mtu anayepukuchua mahindi.

"Huyu naye kaanguka swali la nne. Tumwondoe, twende tukale. Kuna mwenye neno?"

Miaka ishirini na miwili ilimkalia kifuani. Akanyoosha mkono.

"Enhe, Mama Elektroni. Sema, njaa inauma."

Akaufungua mwongozo mezani, kidole kwenye mstari. Wote wakainama kumsikiliza.

"Wawili kwa kila chumba," alinong'ona. "Binti hakukosea. Aliyesahau ni mimi."