Mkono wa Unywele

Mimi nachapa picha tu. Mashine yangu iko nyuma ya pazia, hatua chache kutoka meza ya Unywele, kwa hiyo niliyasikia yote kwa masikio yangu, na mpaka leo sijayasahau.

Unywele si jina alilopewa na mama yake. Tulimbandika sisi pale studio kwa sababu akimkata mtu kutoka kwenye picha kumhamishia mandhari nyingine, hapotezi hata unywele mmoja. Kabla ya kompyuta alikuwa msusi. Vichwa vya watu amevishika miaka na miaka, anajua nywele zinapoishia na ngozi inapoanzia. Siku bosi alipoleta kibao cha kuchorea na kalamu yake, sisi wote tuliikandamiza ile kalamu kama tunatia sahihi mahakamani, tukatoboa mashavu ya wateja. Yeye aliigusisha tu. Mume wake alishamkimbia, watoto wamekua, goti linamsumbua, ana mdomo mchafu ukimharibia chai yake. Lakini mkono! Mkono ule ni mwepesi jamani.

Basi akaja mtu mmoja, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee fulani, suti imembana, manukato yananuka mpaka kwenye mashine yangu. Ana picha moja ya zamani mkononi. Mzee amekaa kwenye kiti, nyuma yake amesimama msichana, ameinama kidogo, mkono begani kwa mzee, nywele zake zimeingiliana na mvi za mzee pale upande wa sikio.

"Nataka mzee peke yake," akasema. "Nyuma pawe peusi. Ni ya kuweka mbele msibani. Huyu msichana mtoe."

"Ni nani huyu?" Unywele akauliza.

"Msichana wa kazi. Alijipenyeza tu kwenye picha."

Msichana wa kazi! Unywele akaiskani picha, akaikuza mpaka sikio la mzee likajaa kioo. Halafu akasogeza kando kidogo, sikio la msichana nalo likajaa kioo. Aliniita kwa kidole nikachungulia. Ndewe ile ile iliyogandamana na shavu, kinundu kile kile juu. Masikio ya nyumba moja, kipofu angeyajua kwa kupapasa.

"Kaka," Unywele akamwambia yule bwana, "huyu ni dada yako."

Unajua alifanya nini? Alicheka. "Wa nje," akasema, hana haya wala soni. "Hiyo ndiyo picha pekee aliyopiga na mzee, na ameshaanza kuringa nayo. Hatutaki maswali msibani. Ukimaliza, mnafuta na hiyo ya kwenye kompyuta. Hii ya karatasi naondoka nayo."

Nilitamani nimtemee mate. Na bosi wetu je? Bosi, mbilikimo wa roho yule, alikuwa anatikisa kichwa kama mjusi: ndiyo mheshimiwa, bila shaka mheshimiwa. Unywele alipomvuta pembeni kumwambia kazi hii haifai, alijibiwa, "Mama, sisi tunafuta. Mambo ya koo za watu yanakuhusu nini?"

Akarudi kitini, ananinong'oneza kwa hasira: "Nitaivuruga. Nitakandamiza kalamu, nimkate mzee kama kwa mkasi. Ukingo mkavu, kichwa kama amevaa sufuria. Kila mtu msibani ataona kuna kitu kimenyofolewa, na watauliza."

Nikamwambia, "Fanya hivyo hivyo dada'ngu!"

Kwa asiyejua, nieleze. Kile kifutio kwenye kompyuta kinasikiliza uzito wa mkono. Ukikandamiza kalamu, kinafuta chote, pabaki tupu. Ukiigusisha, kinafuta nusu au robo tu. Hapo unywele wa mtu unabaki ukipitisha mwanga, na rangi mpya ya nyuma inaonekana kupitia kwake kama ilikuwepo tangu zamani. Ndiyo siri ya ukingo mzuri: mbali na kichwa unakandamiza, ukikaribia nywele unalegeza. Na usinyanyue kalamu ukarudia pale pale ovyo, maana kila ukirudi kinakula kilichobaki.

Unywele akanakili picha kama tabaka la pili, akaweka rangi nyekundu chini yake ili aone kila uchafu unaobaki. Akashika kalamu. Nilimwona ameikunja ngumi kweli, amedhamiria. Akaanza na ukuta, akakandamiza, ukuta ukaondoka. Akaja kwenye shavu la msichana, likaondoka. Akafika kwenye mvi.

Mkono ukalegea.

"Ala!" akasema mwenyewe. Akarudisha nyuma, akajaribu tena, akang'ata meno. Ukifika kwenye mvi, unalegea tena. Miaka yote ile mkono umefunzwa kutoumiza kichwa cha mtu, sasa unaambiwa uumize, haujui. Nywele za msichana zikapotea moja moja, za mzee zikabaki, laini, zinapitisha mwanga. Weupe wa ukuta wa zamani uliogandia kwenye ncha, akautia weusi bila hata kufikiri. Vidole vya begani akavifunika kwa kipande cha kitambaa cha koti kutoka bega la pili, alichokigeuza, kisha akazifuta kingo zake kwa kalamu nyepesi mpaka zikayeyuka kwenye koti.

Alipoweka nyuma peusi, nilisogea kuikagua. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na ilinitia kinyaa kuitazama.

"Haribu basi hata kidogo," nikamwambia.

"Siwezi," akasema. Alikuwa anaitazama mikono yake kama imemwibia. "Sijui kuharibu."

Yule bwana akafurahi, akachukua picha yake kubwa. Bosi akafuta faili ya zamani mbele yake, akahakikisha hata kapu la takataka liko tupu, kisha, la kuudhi kuliko yote, akaniamuru nichape nakala nyingine akaibandika kwenye kioo cha mlango. Sampuli! Marehemu wa watu anatangaza biashara.

Wiki iliyofuata aliingia mwanamke wa makamo, khanga nyeusi begani. Masikio yale yale. Sikuhitaji kuambiwa.

"Nani alitengeneza ile ya mlangoni?" akauliza.

Bosi akajitia kutafuta kitu kwenye droo. Unywele akasimama, goti likalia. "Mimi."

"Ile ya karatasi kaka ameichoma. Hapa ipo?"

"Imefutwa."

Mwanamke akaitika kwa kichwa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Msibani waliniuliza mimi nani," akasema. "Nikawaonyesha kwenye ile picha, nikawaambia hapa begani palikuwa na mkono wangu. Wakasogea, wakatazama kwa karibu. Dada, hawakuona kitu. Hata mimi nilitazama. Mpaka nikaanza kujiuliza kama kweli nilisimama pale."

Unywele akaenda mlangoni, akaibandua ile sampuli kwenye kioo, bosi anaita "we mama, we!", wala hakumgeukia. Akampa yule mwanamke kwa mikono miwili.

Nilidhani mwanamke ataichana. Ningekuwa mimi ningeichana vipande, nikamrushia bosi usoni. Yeye aliifuta vumbi kwa ncha ya khanga, akaitazama sana.

"Sina nyingine ya baba," akasema, akaikumbatia kifuani akaondoka nayo.