Uji Uliokosa Kitu

Metrine Naswa hupika uji kwenye ufuo wa Dunga, pale wanawake wanapongojea mashua ziingie na omena, dagaa wa ziwani. Ni mwenyeji wa Bungoma kwa kuzaliwa, lakini ziwa limemla ujana wote, na uji wake wa wimbi na mtama, uliokorogwa kwa maziwa na njugu za kusaga, unajulikana kuliko jina lake. Wajaluo humwita Mama Nyuka, mama wa uji, na yeye huitika.

Mwezi huo alikuwa na furaha iliyomnyima usingizi. Binti yake wa pekee, Valerie, alikuwa amerudi kutoka Riyadh alikokuwa akifanya kazi za nyumba za watu. Katika miaka yote ya kule, kila alipopiga simu, Valerie alisema neno lilelile: chakula kiko, nguo ziko, lakini uji wa mama hauko. Kuna siku alilia kabisa kwenye simu. Metrine, ambaye si mtu wa kulia ovyo, alikata simu akajifanya mtandao umepotea.

Sasa mtoto alikuwa nyumbani, ila ajenti alikuwa amempa mkataba mwingine wa kule na alitaka jibu kabla ya wiki kuisha. Valerie hakusema ataenda wala hatakwenda. Metrine naye hakuuliza. Alijua silaha yake ni moja tu, na ilikuwa jikoni.

Asubuhi ya kwanza alimpa uji kwenye kikombe kikubwa cha bati. Valerie akanywa, akatabasamu, akashukuru. Kisha akatazama ndani ya kikombe kama mtu aliyeangusha kitu humo.

"Ni mtamu, mama," alisema. "Lakini si ule."

Basi vita vikaanza. Metrine alibadilisha kinu cha kusagia, kwani alishuku kile cha zamani kilikuwa kikisaga vizuri zaidi. Akaongeza ukwaju. Akaacha unga uchachuke siku mbili. Siku moja aliuacha uji ushike chini ya sufuria makusudi, labda ile harufu ya kuungua ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Kila mara Valerie alimaliza kikombe kwa adabu, na adabu ile ilimchoma mama yake kuliko tusi. Nani anataka adabu kutoka kwa mtoto wake mwenyewe?

Jibu lilitoka kwa mtu ambaye hakuombwa. Okello, mvuvi aliyekuwa akinywa kwake tangu hajaota ndevu, alirudisha kikombe asubuhi moja akiguna.

"Mama Nyuka, mimi nakuambia ukweli. Uji yako ilikuwa tamu siku zile za juala. Siku hizi iko safi sana. Imekosa ile kitu."

Wenzake wakacheka. Metrine hakucheka. Mwiko ulibaki mkononi, uji ukichuruzika mpaka kwenye kanga yake, naye hakuona.

Siku zile za juala! Zamani wote pale ufukweni waliuza uji kwenye vifuko vyembamba vya nailoni, majuala kama walivyoviita. Mvuvi hakuwa na muda wa kukaa. Alipewa kifuko kimefungwa fundo juu, akakibeba mashuani, akang'ata pembe akafyonza. Vikombe vilikuwa vikienda majini visirudi, juala halikudaiwa na mtu. Na Metrine, kama wote, alimimina uji ukiwa bado unatokota, kwa sababu uliopoa hakuna aliyeutaka. Alijua tabia za nailoni: ikipata moto inalegea kama sikio la mbuzi, inavutika kwa uzito wa uji, na ikigusa ukingo wa sufuria inajikunja na kutoboka. Kwa hiyo aliweka vifuko viwili, kimoja ndani ya kingine, akajiona hodari. Kwamba uji nao ulikuwa ukichukua kitu kutoka kwenye nailoni, hilo hakulifikiri.

Baadaye serikali ikapiga marufuku majuala, lakini yale membamba yaliendelea kuingia kwa njia za panya, nao wakaendelea kumimina. Mwishowe kamati ya ufuo ikamleta dada mmoja wa afya. Aliwaeleza kwamba joto huilegeza nailoni na kutoa dawa zilizochanganywa humo, na kwamba maziwa na mafuta, kama ya njugu, huzivuta zaidi. Zile za rangi, zilizotengenezwa kwa takataka za zamani, hakuna ajuaye zilibeba nini kabla. Metrine akanunua vikombe. Valerie alikuwa keshaondoka.

Na Valerie alilelewa na uji wa juala. Kila siku ya shule alipewa kifuko chake, cha moto kuliko vyote, kwa mapenzi.

Siku hiyo Metrine alipitia Nyamasaria kwa Waithera, mama wa Kikuyu anayeuza vifungashio, akamnong'oneza anachotaka. Waithera alimtazama kwa mshangao, akainama chini ya meza, akampa vifuko vichache vilivyobaki, vyeusi.

Nyumbani aliwasha jiko, akapika, akafungua kifuko, akamimina uji ukitokota. Nailoni ikalegea mara moja, ikanywea na kung'aa. Mvuke ukatoka na ile harufu, kama mshumaa uliozimwa sasa hivi. Metrine aliitambua. Alikuwa ameisikia maisha yake yote bila kujiuliza inatoka wapi.

Valerie akatokea mlangoni kabla hajaitwa. Alikuwa amefumba macho.

"Huo," alisema. "Mama, ndio huo."

Akanyoosha mkono. Ilibaki kumpa tu. Angekunywa, angelia, pengine angempigia ajenti simu hapo hapo. Metrine alilitaka hilo kwa mwili mzima. Lakini alijiambia mficha uchi hazai, akafungua kinywa.

"Usinywe. Hiyo unayotafuta si mkono wangu. Ni nailoni inayotoka kwa moto. Nilikulisha hiyo miaka yote na sikujua."

Valerie alikaa juu ya kigoda. Aliomba apewe, ashike tu. Metrine akasita, akakitia ndani ya kifuko cha pili, akampa. Binti akakikumbatia kifuani, juu ya blauzi yake nzuri ya Riyadh. Akasema asubuhi za shule, upepo wa ziwa ukiwa mkali, alikuwa akitembea hivi, kifuko ndani ya sweta, na hakuwahi kuhisi baridi. Hilo Metrine hakuwahi kuambiwa.

Walikaa hivyo mpaka uji ukapoa.

"Nitasafiri, mama," Valerie alisema. "Nilikuwa nimeshaamua."

"Kwa hivyo uji haungekuzuia."

"Haungenizuia." Aliweka kifuko chini polepole, kisipasuke. "Lakini ndio uliokuwa unanirudisha."

Metrine alitaka kuuliza, na sasa? Badala yake aliinuka, akachukua kikombe, akamwekea binti yake uji uliobaki kwenye sufuria. Valerie akaupokea kwa mikono miwili, akanywa wote, na safari hii hakusema kama ni mtamu, wala kwamba si ule.