P Kubwa na p Ndogo

Wilkista, karani wa chuo kimoja cha uuguzi mjini Kitale, ndiye aliyechapisha orodha ya watahiniwa. Aliuagiza mfumo wa kompyuta umpe majina ya wote walioandikiwa "Paid", yaani waliolipa karo. Wanafunzi kumi na wanne wa tawi la Bungoma hawakuwemo, wakafukuzwa langoni asubuhi ya mtihani.

Fundi Kibe alifika saa sita. "Bungoma waliandika 'paid' kwa p ndogo, dada. Kwa huu mfumo hayo ni maneno mawili tofauti."

Akaurekebisha ugeuze herufi zote ziwe ndogo kabla ya kulinganisha. Majina yote kumi na manne yakajitokeza.

Lakini mtihani ulikuwa umekwisha, na mwingine ni mwakani.

"Si nilikuonyesha risiti, madam?" Joan wa Misikhu, mmoja wa wale kumi na wanne, alimwuliza Wilkista.