Sekunde Moja Iliyovutwa

Shangazi yangu huandika miswada ya filamu za mafunzo ya viwandani. Hutembea na saa ya kupimia sekunde, kwa kuwa kila neno la msimulizi lazima likae mahali pake.

Kiwanda cha mabati kilimpa kazi baada ya mashine ya kukunjia bati kumkata fundi mmoja vidole vitatu. Fundi mwenyewe alishajipa jina la Saba. "Ndivyo vilivyobaki," alieleza, "msihangaike kuhesabu."

Mashine ikazimwa, fundi mwenzake akaigiza mbele ya kamera: mkono unaingia kuchomoa bati lililokwama. Shangazi alichagua tendo hilo lipunguzwe mwendo, maana ni la haraka na jicho hulikosa. Zikapigwa picha mia kwa sekunde, zikaonyeshwa ishirini na tano tu kwa sekunde. Sekunde moja ikawa nne. Juu yake akaweka maneno ya sekunde nne kamili: "Alijua mashine haijazimwa, lakini akaingiza mkono." Meneja wa kiwanda alisifu, akaondoka na nakala.

Kesho yake Saba aliitwa kwenye chumba cha uhariri kukagua. Alitazama mara mbili.

"Dada, huyo jamaa ana muda wa kufikiri. Mimi sikuwa nao."

"Ni mwendo tu umepunguzwa, kaka."

"Mimi najua. Kamati je?"

Kamati ya usalama ndiyo ingeamua kama arudi kazini, na ingeitazama filamu hiyo kwanza. Shangazi aliketi akaandika upya. Zamu nzima ipite mbio, mabati yakirukaruka, na msimulizi amalize sentensi yake humo humo. Mbio zishuke ghafla hadi mwendo wa kawaida mkono unapoingia, bila neno hata moja. Kitakachopunguzwa mwendo kiwe kinga ya mashine, iliyofunguliwa wiki moja kabla ya ajali ili kazi iende upesi: inaning'inia kwenye waya, inayumba. Hapo msimulizi aseme nani aliagiza ifunguliwe.

Meneja aliusoma muswada akiwa amesimama. Yeye ndiye aliyeagiza.

"Mama, ile ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Unajiharibia kazi yako mwenyewe."

Kamati ikaonyeshwa ile ya kwanza. Mkono ulielea kuelekea kwenye chuma, taratibu kama mtu achaguaye embe sokoni, na sauti ikatembea nao. Mzee mmoja alitikisa kichwa. "Alikuwa na muda wa kutosha kabisa."

Shangazi akasimama, saa mkononi. "Mzee wangu, hiyo ni sekunde moja. Mimi ndiye niliyeivuta."

"Tumekusikia, mama. Lakini tulichokiona tumekiona."

Saba alisubiri nje, ukutani. Alipomwona Shangazi anatoka peke yake hakuuliza uamuzi.

"Yale maneno uliyapima kweli," alisema. "Hata mimi nimeanza kuamini kwamba nilifikiri kwanza."